Maumivu ya Tumbo Baada ya Kula kwa Mzee Mwenye Maradhi ya Mishipa ya Damu

Mzee mmoja wa Tanga, baharia mstaafu mwenye umri wa miaka 68, alifika katika hospitali ya rufaa akiwa na bahasha iliyojaa vyeti vya miezi minane. Vyeti vyote vilisimulia habari moja: maumivu ya tumbo, juu kidogo ya kitovu, yanayomjia kila amalizapo kula. Mara mbili alikuwa ametibiwa kwa dawa za kuua bakteria wa Helikobakta pailori, na omeprazoli alikuwa akimeza kila asubuhi bila kukosa. Katika muda huo uzito wake ulikuwa umeshuka kutoka kilo 71 hadi kilo 57. Nyumbani watu walikwisha kuanza kunong'ona kuhusu saratani, na jirani mmoja alishauri apelekwe kwa mganga kwa kuwa huenda amelishwa kitu.

Chini ya karibu kila cheti palikuwa na mstari mmoja mfupi usiotiliwa maanani: shinikizo la damu kwa miaka 15, sigara tangu ujana, kiharusi kidogo miaka minne iliyopita. Mstari huo ndio uliokuwa na ufunguo. Waandishi wa vyeti waliuandika kama desturi, kisha wakaendelea kutibu tumbo kana kwamba ni la mtu mwingine.

Daktari aliyempokea safari hii alikuwa kijana wa umri wa mjukuu wake. Baada ya kumwamkia na kumpa kiti, alimwuliza swali ambalo mzee hakuwahi kuulizwa: "Mzee wangu, chakula chenyewe hukitamani, au kimekuchukiza?"

"Nakitamani sana, mwanangu," akajibu. "Harufu ya samaki ikinifikia, mate yananijaa. Lakini nakiogopa. Nikila sahani nzima nitajuta kwa saa mbili."

Kisha akaongeza jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona dogo. Mwezi wa Ramadhani alifunga siku zote thelathini, na mchana kutwa alikuwa mzima kabisa. Akifuturu, kabla hata hajainuka kwenda kuswali tarawehe, tumbo linaanza kumkaza.

Kutamani chakula na wakati huohuo kukiogopa ni dalili inayostahili kupewa uzito mkubwa kuliko unaopewa kwa kawaida. Kwa mzee ambaye mishipa yake ya damu imekwisha kuugua mahali pengine mwilini, dalili hiyo humlazimu mhudumu wa afya kufikiria kwamba utumbo haupati damu ya kutosha.

Jinsi utumbo unavyokosa damu

Wengi wanafahamu kwamba moyo wenye ateri zilizoziba kwa sehemu huuma mtu anapopanda ngazi, na hutulia anapopumzika. Wengine wamewaona wazee ambao shavu la mguu huwakaza baada ya kutembea hatua mia mbili, wakasimama, likaachia, wakaendelea na safari. Katika hali zote mbili msuli umepewa kazi inayohitaji damu nyingi kuliko ile ambayo mshipa uliosinyaa unaweza kuipitisha. Utumbo nao una kazi yake, na kazi hiyo ni kusaga na kufyonza chakula. Mlo kwake ni sawa na ngazi kwa moyo. Ndiyo maana madaktari wa zamani waliuita ugonjwa huu angina ya tumbo.

Damu ya tumbo huletwa na ateri tatu zinazochipuka upande wa mbele wa aota, yaani mshipa mkuu unaoshuka kutoka moyoni. Ya kwanza, ateri ya siliaki, hulisha mfuko wa tumbo, ini na wengu. Ya pili, ateri ya mesenteri ya juu, hulisha karibu utumbo mwembamba wote pamoja na sehemu ya kwanza ya utumbo mpana. Ya tatu, ateri ya mesenteri ya chini, ni nyembamba kuliko wenzake na huhudumia sehemu iliyobaki. Mtu akiwa amepumzika bila kula, takriban moja ya tano hadi robo ya damu inayosukumwa na moyo huelekea kwenye viungo hivi. Baada ya mlo mkubwa, damu inayopita katika ateri ya mesenteri ya juu huweza kufikia mara mbili ya kiasi cha awali au zaidi.

Utando wa mafuta na chokaa unaosababisha kiharusi na mshtuko wa moyo hujijenga pia kwenye ukuta wa aota, na mara nyingi hufunika midomo ya ateri hizi, katika sentimita chache za mwanzo. Hata hivyo maumivu hayaji mapema. Ateri hizi tatu zimeunganishwa na njia za pembeni, kama vichochoro vinavyounganisha barabara kuu tatu za mji. Moja ikiziba polepole, vichochoro hupanuka na kubeba mzigo. Kwa kawaida inabidi ateri mbili kati ya tatu zisinyae sana au zizibe kabisa ndipo mgonjwa aanze kuumwa, ingawa kusinyaa sana kwa ateri ya mesenteri ya juu peke yake huweza kutosha ikiwa vichochoro ni haba. Kutokana na hali hiyo, wapo wazee wengi ambao picha huonyesha ateri moja iliyosinyaa na wala hawana ugonjwa wowote wa utumbo. Picha bila historia ya mgonjwa huweza kupotosha sawasawa na historia isiyofuatiliwa kwa picha.

Maumivu huanza kati ya dakika 15 na saa moja baada ya kula, hudumu kwa saa moja hadi tatu, kisha huondoka yenyewe. Mlo mkubwa huuma zaidi kuliko mdogo. Mgonjwa hujifunza somo hilo haraka kuliko daktari wake: sahani ya wali inakuwa nusu sahani, nusu inakuwa vijiko vitano, na hatimaye ni uji na chai. Anakonda kwa sababu hali, si kwa sababu utumbo umeshindwa kufyonza. Familia humwona mkaidi au mwenye kususa, na kumlazimisha kula hugeuka ugomvi wa kila siku.

Kidonda au saratani?

Hakuna haja ya kuwalaumu waliomtibu baharia huyu kwa vidonda vya tumbo. Vidonda ni vya kawaida, na ukosefu wa damu kwenye utumbo ni nadra. Tena mgonjwa wa mishipa ana sababu za ziada za kupata kidonda: anameza aspirini kila siku kulinda moyo au ubongo, na magoti yakimsumbua hununua diklofenaki dukani bila kuandikiwa. Dawa zote mbili hudhoofisha ukuta wa tumbo. Kwa hiyo mzee huyu alikuwa na haki ya kuchunguzwa kidonda. Kosa lilikuwa kurudia matibabu yaleyale baada ya kushindwa, bila kuuliza upya.

Kidonda kilichopo mwanzoni mwa utumbo mwembamba huuma zaidi tumbo likiwa tupu, mara nyingi saa mbili hadi tano baada ya mlo au usiku wa manane, na mgonjwa hupata nafuu akila kitu. Mtu wa namna hiyo huteseka mchana wa Ramadhani na kutulia baada ya futari, kinyume kabisa cha baharia. Kidonda cha kwenye mfuko wa tumbo ni kigumu zaidi kutofautisha, kwa kuwa huweza kuuma mara tu baada ya kula na kumfanya mtu apungue uzito. Hapo ndipo historia peke yake hufika mwisho wa uwezo wake.

Saratani ya tumbo au ya kongosho kwa kawaida huja kwa mlango mwingine. Mgonjwa hupoteza hamu yenyewe. Chakula alichokipenda humkinaisha, au hushiba baada ya matonge mawili. Maumivu yake hayafuati saa za mlo kwa uaminifu, na kadiri wiki zinavyopita huwa ya kudumu, yakipenya hadi mgongoni iwapo kongosho ndilo linalougua. Macho ya manjano, kutapika kila kilicholiwa, chakula kukwama kooni, upungufu wa damu usioelezeka, kinyesi cheusi kama lami kwa mtu asiyetumia vidonge vya madini ya chuma, au kisukari kilichozuka ghafla uzeeni kwa mtu anayekonda: kila mojawapo huelekeza kwenye saratani au kidonda kinachovuja damu, na hairuhusu kusubiri.

Tofauti hizi husaidia kuamua nini kitafutwe kwanza, lakini hazimwondolei mgonjwa haja ya vipimo. Mtu wa umri zaidi ya miaka 60 anayeumwa tumbo na kupungua uzito achunguzwe saratani hata kama kila neno lake linaelekeza kwenye mishipa ya damu. Saratani ni ya kawaida zaidi, na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, hasa mvutaji sigara.

Pale kamera inapopotosha

Baharia alipelekwa kwenye kipimo cha endoskopia, kile ambacho wagonjwa hukiita kamera ya tumbo. Palionekana michubuko na kidonda kimoja kifupi karibu na mlango wa kutokea tumboni. Vipande vidogo vya nyama vilichukuliwa, na majibu yalisema hakuna saratani wala bakteria. Hapa ndipo mambo mengi hukwama. Kidonda kimeonekana, saratani haipo. Inakuwa rahisi mno kuongeza dozi ya omeprazoli na kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Lakini ukuta wa tumbo unaokosa damu nao huchubuka na kutoa vidonda. Vidonda hivyo havina bakteria, havitokani na dawa za maumivu, na haviponi kwa dawa za kupunguza asidi kwa sababu asidi siyo chanzo chake. Kwa hiyo kidonda kisicho na bakteria, kwa mgonjwa aliyekwisha kuacha diklofenaki, ambacho bado kipo baada ya wiki nane za matibabu sahihi, kinapaswa kuzua maswali mawili: je, ni saratani iliyokosewa na vipande vya kwanza? Na kama sivyo, je, damu inafika? Swali la kwanza hujibiwa kwa kurudia kamera na kuchukua vipande zaidi kwenye kingo za kidonda. La pili kamera haiwezi kulijibu kamwe, kwa kuwa huona ngozi ya ndani ya tumbo, na mishipa ipo nje yake.

Mtego mwingine ni vijiwe vya nyongo. Altrasaundi ya kawaida kwa mzee huvikuta mara nyingi, navyo husingiziwa maumivu ambayo si yao. Maumivu ya vijiwe huja kwa vipindi, siku moja leo na nyingine baada ya wiki mbili. Hayamfuati mtu kila mlo kwa miezi minane.

Mwili wa mgonjwa huongeza ushahidi kwa gharama ndogo. Daktari kijana alimpapasa baharia miguuni na hakuhisi mapigo ya damu kwenye kifundo cha mguu wa kushoto. Alipoweka kifaa chake cha kusikilizia juu ya kitovu, alisikia mvumo wa damu inayopita kwa shida. Mvumo huo haupo kwa kila mgonjwa, na kutousikia hakuthibitishi chochote. Tumbo lenyewe lilikuwa laini, halina uvimbe, wala halikuuma lilipobonyezwa. Si ajabu: kati ya mlo na mlo, tumbo la mgonjwa wa aina hii huonekana zima.

Kipimo kinachoamua

Altrasaundi maalumu inayopima kasi ya damu huweza kuonyesha kusinyaa kwa ateri bila sindano wala mionzi. Hufanywa asubuhi kabla ya mgonjwa kula, ili gesi ipungue na kasi ya damu isiwe imepandishwa na mlo. Kasi ya juu inayozidi sentimita 275 kwa sekunde katika ateri ya mesenteri ya juu, au 200 katika ateri ya siliaki, hutumika kama alama ya kusinyaa kwa asilimia 70 au zaidi. Kipimo hiki kinahitaji mkono uliozoea, na kwa mtu mnene au mwenye gesi nyingi huweza kushindikana.

Kipimo kinachoamua zaidi ni siti skani ya mishipa, inayopigwa wakati dawa ya kung'arisha damu imo ndani ya ateri. Faida yake kwa mgonjwa wa namna hii ni mbili, kwani picha zilezile huonyesha kongosho, ini na tezi, na hivyo kutafuta saratani kwa wakati mmoja. Lakini lipo jambo dogo la karatasi linaloamua mafanikio yake. Siti skani ya tumbo inayoombwa kwa maneno "maumivu ya tumbo, kupungua uzito" kwa kawaida hupigwa wakati dawa imekwisha kuhamia kwenye vena, na midomo ya ateri haionekani vizuri. Naye msomaji wa picha, akitafuta uvimbe, huweza kuandika kwamba hakuna tatizo. Fomu ya maombi iseme wazi: mvutaji sigara, aliwahi kupata kiharusi, anaumwa kila baada ya kula, angalia midomo ya ateri za utumbo. Mstari mmoja wa wino hubadilisha namna picha inavyopigwa na namna inavyosomwa.

Figo hupimwa kwanza, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuziathiri. Hata hivyo figo zilizopungua nguvu kidogo si sababu ya kumnyima kipimo mgonjwa ambaye utumbo wake uko hatarini.

Picha za baharia zilionyesha ateri ya siliaki imeziba kabisa na ile ya mesenteri ya juu imesinyaa kiasi cha kubakiza uwazi mwembamba kama uzi. Ateri ya chini, kwa kupanuka, ndiyo iliyokuwa ikilisha karibu tumbo zima. Uvimbe haukuonekana popote.

Kufungua njia

Mgonjwa mwenye dalili, aliyethibitishwa, anahitaji kurudishiwa njia ya damu. Dawa peke yake hazifungui ateri iliyofikia hali hiyo, na mlo mdogomdogo ni hatua ya kumvusha siku chache tu. Kumnenepesha kwanza kwa miezi ili apate nguvu ya kutibiwa ni kosa lenye nia njema, kwani anaweza kupoteza utumbo akiwa anasubiri.

Kwa wazee waliokonda, njia inayochaguliwa zaidi siku hizi ni kupitisha mrija mwembamba kwenye ateri ya mkono au ya kinena hadi kwenye mdomo uliosinyaa, kuupanua kwa puto, na kuacha ndani yake stenti, yaani bomba dogo la wavu wa chuma. Upasuaji wa kuchepusha damu kwa mshipa mwingine ni mzito zaidi na una hatari kubwa zaidi siku za mwanzo, lakini njia yake hudumu kwa muda mrefu kuliko stenti, ambayo huweza kusinyaa tena. Hivyo upasuaji hubaki kwa wale wenye nguvu za kutosha, au wale ambao mrija umeshindwa kupita. Huduma hizi zipo katika hospitali chache, na mgonjwa wa mkoani huhitaji rufaa. Rufaa hiyo iandikwe kwa haraka kama inavyoandikwa ya saratani.

Haraka hiyo ina historia. Mwaka 1936 daktari wa upasuaji wa Marekani, J. Englebert Dunphy, alichunguza kumbukumbu za wagonjwa 12 waliokufa kwa kufa kwa utumbo baada ya ateri zake kuziba, akakuta kwamba 7 kati yao walikuwa wamelalamikia maumivu ya tumbo ya kujirudia kabla ya siku ile ya mwisho. Maumivu baada ya kula yalikuwa onyo. Damu ikiganda juu ya mdomo uliokwisha kusinyaa, maumivu hubadilika tabia: huja ghafla, makali mno, hayangoji mlo wala hayaondoki baada ya saa tatu, mara nyingi pamoja na kutapika au kuhara. Alama inayopotosha ni kwamba mwanzoni mgonjwa hupiga kelele kwa maumivu huku tumbo lake likiwa laini mkononi mwa daktari. Likishakuwa gumu, sehemu ya utumbo imekwisha kufa. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hiyohiyo, usiku au mchana, bila kupewa dawa ya asidi na kuambiwa arudi kesho. Kuishiwa maji mwilini kwa kuhara au homa huongeza hatari hii, kwa kuwa damu iliyopungua hupita kwa shida zaidi palipobana.

Baharia alisafirishwa hadi Dar es Salaam siku ya tisa baada ya siti skani, akawekewa stenti katika ateri ya mesenteri ya juu. Siku ya pili alikula wali na samaki, akakaa akiangalia saa ya ukutani kwa dakika arobaini, akingoja maumivu ambayo hayakuja. Aliruhusiwa akiwa na aspirini, pamoja na dawa ya pili ya kuzuia damu kuganda kwa muda uliopangwa, na omeprazoli, safari hii kwa sababu inayoeleweka: kulinda tumbo dhidi ya dawa hizo mbili. Aliongezewa atovastatini, ambayo kwa ajabu hakuwahi kupewa tangu apate kiharusi. Sigara aliiacha, japo alikiri kwa mkewe kwamba hilo lilimsumbua kuliko mrija.

Miezi minne baadaye alikuwa na kilo 65. Altrasaundi ya kasi ya damu ilipangwa kurudiwa baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Mkewe alielekezwa kutazama jambo moja tu kati ya ziara hizo: kama mzee ataanza tena kuacha nusu ya sahani.